Barua pepe moja, "Yah:" moja

Aliyewahi kufanya kazi masjala anajua kwa nini barua ya kiofisi huwa na "Yah:" moja tu. Barua ikipokelewa huingia kwenye jalada la mada yake. Ukiomba likizo na kudai posho katika barua hiyohiyo, karani anabaki na majalada mawili na karatasi moja. Akiifaili kwenye likizo, atakayefungua jalada la posho hataikuta. Barua pepe imeondoa karatasi, lakini shida ni ileile: ujumbe mmoja hupata jibu moja, na ukishajibiwa huonekana umekwisha.

Tuchukue afisa wa mradi aliyeko Kondoa, anamwandikia mhasibu wa makao makuu Dodoma. Kichwa cha barua pepe ni "Maombi". Ndani anarejesha masurufu ya semina na kuambatisha risiti, anasema wino wa printa umekwisha, anaarifu kwamba akaunti yake ya benki imebadilika, kisha anaomba likizo ya siku tano. Mhasibu anajibu: "Sawa, nimepokea." Anazungumzia risiti. Afisa anaelewa kwamba yote manne yamepita, na anakata tiketi ya likizo.

Mabaya zaidi yanakuja baadaye. Wino si kazi ya mhasibu, kwa hiyo anausambaza ujumbe mzima kwa mtu wa ugavi. Namba ya akaunti na habari za likizo zimekwenda nazo, kwa mtu asiyehusika kabisa.

Kabla ya kutuma, andika yote kwanza mahali pamoja, kisha kwa kila ombi jiulize: nani anaamua, linahitajika lini, na lina kiambatisho gani? Maombi yenye mwamuzi mmoja na uamuzi mmoja yakae pamoja. Mengine yakate. Kwa afisa wetu zinatoka barua nne. Mbili zinakwenda kwa mhasibu, moja kwa ugavi, na ya likizo kwa msimamizi wake, nakala kwa rasilimali watu. Vichwa viwe hivi:

"Marejesho ya masurufu: semina Kondoa, 12–14 Machi"
"Mabadiliko ya akaunti ya benki kabla ya mshahara wa Machi"
"Wino wa printa, ofisi ya Kondoa: unahitajika kabla ya 25 Machi"
"Likizo ya siku 5: 7–11 Aprili"

Neno lenye uzito linatangulia, kwa sababu simu hukata kichwa kirefu na msomaji huona maneno ya mwanzo tu. Jina la mahali na tarehe vinasaidia miezi sita baadaye, mkaguzi anapouliza masurufu yalirejeshwa lini. Ukitafuta neno "Maombi" kwenye kikasha, utaletewa nusu ya barua za ofisi.

Kila barua ijitegemee. Usiandike "kama nilivyoeleza kwenye ile nyingine", maana mtu wa ugavi hana ile nyingine. Risiti ziende na masurufu tu. Barua ya akaunti iambatane na barua iliyosainiwa au fomu inayotakiwa na ofisi yenu.

Kosa linalowapata hata waangalifu ni kubonyeza Reply kwenye ujumbe wa zamani ili kupata anwani haraka, kisha kuandika jambo jipya. Kichwa kinabaki cha zamani, na jambo jipya linazama chini ya mazungumzo ya mwezi uliopita. Anza ujumbe mpya. Ikibidi ujibu, kwenye Gmail ya kompyuta bonyeza kimshale kilicho kando ya jina la mpokeaji, chagua Edit subject, andika kichwa kipya, na ufute maandishi ya zamani yasiyohusika.

Usikate kupita kiasi, lakini. Kibali cha safari na masurufu ya safari hiyohiyo, vikiidhinishwa na mtu mmoja, ni jambo moja: ukivitenganisha anaweza kuidhinisha fedha ya safari ambayo hajaikubali. Maswali matatu kuhusu bajeti moja nayo yakae pamoja, yakiwa na namba, ili mtu ajibu 1, 2, 3.

Zile mbili za mhasibu, anza kutuma isiyo na haraka na umalizie yenye haraka, kwa kuwa kwenye vikasha vingi ya mwisho kufika ndiyo hukaa juu. Kama moja inaweza kusubiri, ipangie kesho asubuhi kwa Schedule send.

Na kama barua ya mchanganyiko imeshakwenda, usiitume tena nzima kwa kukumbusha. Subiri jibu, angalia lipi limejibiwa, kisha kila lililobaki liandikie barua yake kwa anayehusika, ukianza na sentensi moja: "Ombi hili lilikuwa ndani ya barua yangu ya 17 Machi, nalileta peke yake ili lishughulikiwe."