Hakuna Aliyekiona Kipara Changu (Isipokuwa Mmoja)

Juzi dada mmoja msomaji wangu aliniandikia saa tano usiku. Chunusi tatu zimemtoka kwenye paji la uso, moja kubwa imekaa katikati ya nyusi, na Ijumaa anatakiwa kusimama mbele ya darasa kuwasilisha kazi ya kikundi. Anafikiria kujisingizia ugonjwa. "Kaka, kila mtu atakuwa anaiangalia hiyo tu," aliandika, "hata sitasikilizwa."

Nilicheka, kisha nikaona haya kwa kucheka, maana mimi mwenyewe niliwahi kuvaa kofia ndani ya ofisi siku mbili mfululizo kwa sababu ya nywele.

Ilikuwa hivi. Jioni moja kabla ya wiki ya mkutano mkubwa nilienda kunyoa. Kinyozi alikuwa akiongea na mtu mlangoni, kile kichana cha plastiki kinachovishwa kwenye mashine kikachomoka, na yeye akaendelea kupitisha mashine. Nilisikia baridi juu ya sikio la kushoto kabla sijaona kitu. Nilipogeuzia kioo, pale palikuwa na kipara chenye ukubwa wa kidole gumba, cheupe kuliko kichwa kizima. Alinipa pole, akajaribu kupunguza sehemu zilizobaki ili zifanane, akazidi kuharibu. Nyumbani nilikikagua kipara kile kwa kioo cha bafuni, kwa kamera ya simu, na kwa vioo viwili vilivyotazamana. Nilijaribu hata kukipaka wanja. Mtu mzima, mwenye cheo, anajipaka wanja kichwani saa nne usiku.

Siku mbili nilivaa kofia nikisema nina mafua. Siku ya tatu ndiyo ya mkutano, kofia haikuwezekana. Niliingia chumba chenye watu tisa nikiwa na hakika kwamba saba wataona, na wawili waliobaki wataambiwa na hao saba. Kwa saa mbili nilishika kichwa kwa mkono wa kushoto kama mwanafalsafa. Nakumbuka kipara changu vizuri zaidi kuliko hoja zilizojadiliwa.

Wiki iliyofuata ujasiri uliponirudia, niliwauliza mmoja mmoja. Swali langu halikuwa "Uliona kipara?" kwa sababu ukiuliza hivyo mtu atajibu ndiyo hata kama hakuona. Niliuliza, "Siku ile ya mkutano, kuna kitu chochote ulikiona tofauti kwangu?" Wawili walisema nilikuwa nimenyoa. Kati ya hao wawili, ni mmoja tu aliyejua kwamba upande mmoja ulikuwa na kasoro. Mwingine mmoja alisema nilionekana nina maumivu ya jino. Huo ulikuwa mkono wangu, si nywele. Wengine walinitazama kama mtu anayetafuta sifa.

Mimi nilikisia saba, akapatikana mmoja. Hapo ndipo nilipoanza kusoma, na nikagundua kwamba jaribio langu la kienyeji lilikuwa limeshafanywa na wataalamu, tena kwa ustadi.

Mwaka 2000 watafiti Thomas Gilovich, Victoria Medvec na Kenneth Savitsky walichapisha utafiti walioufanya katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Mwanafunzi alipewa fulana yenye picha kubwa ya mwimbaji Barry Manilow, ambaye vijana wa chuo wa wakati ule wangeona haya kuonekana wamemvaa kifuani. Kisha alipelekwa kwenye chumba ambamo wenzake walikuwa wamekaa wakijaza karatasi, wakiwa wameelekea mlangoni. Akaingia akiwa amechelewa, akawa karibu kukaa, mara akatolewa nje kwa kisingizio kwamba wenzake wameshakwenda mbele mno. Pale nje akaulizwa: wangapi kati yao wangeweza kusema ni nani yuko kwenye fulana yako? Waliovaa fulana walikisia karibu nusu. Waliokuwa ndani walipoulizwa, waliojua hawakufika hata robo.

Kuna sehemu ya utafiti huo ambayo watu huiruka wanapousimulia. Watafiti walichukua kundi jingine, wakalionyesha video ya mtu anaingia na fulana ile, wakaliuliza swali lilelile. Kundi hilo lilikisia idadi iliyokaribiana na ukweli. Kwa hiyo si kwamba binadamu kwa jumla hajui kukadiria nani ataona nini. Anajua, ila akili hiyo humtoroka anapokuwa yeye ndiye aliyevaa fulana.

Halafu wakarudia jaribio kwa fulana zisizoleta aibu. Safari hii kila mtu alichagua kati ya picha za Bob Marley, Martin Luther King na mchekeshaji Jerry Seinfeld. Waliovaa walikisia tena karibu nusu ya wenzao. Waliotambua kweli walikuwa asilimia 8. Hili lilinigusa mahali pengine, maana lilinikumbusha lile koti jipya nililolivaa nikingoja kusifiwa kutwa nzima. Taa ya jukwaani tunayodhani imetumulika huwa haimuliki aibu peke yake. Hata pambo letu tunadhani limeonwa, kumbe watu wanatafuta kalamu zao.

Kwa nini tunakosea hivyo? Watafiti wenyewe walieleza kwamba tunapotaka kukisia wengine wanaona nini, tunaanzia pale tulipo sisi. Mimi nimekitazama kipara changu saa nzima kwa vioo viwili, kwa hiyo kichwani mwangu kipara ni kikubwa kama sahani. Najua wengine hawajakitazama hivyo, nikapunguza kidogo. Lakini napunguza kidogo mno, kwa sababu nilianzia mbali mno.

Walilijaribu wazo hilo kwa njia rahisi sana. Baadhi ya wanafunzi waliingizwa chumbani mara tu walipovaa fulana, wengine wakaachwa wakae nayo dakika 15 kwanza. Waliokaa nayo walikisia watu wachache zaidi. Fulana ilikuwa ileile na waliokaa chumbani hawakubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mwenye fulana alikuwa ameanza kuizoea, kwa hiyo alianzia karibu zaidi.

Basi dada yangu, hapa ndipo ninapokuomba unisikilize, na wengine mnaosoma kimyakimya mnisikilize pia. Siku yenye chunusi, hatari iko bafuni kuliko darasani. Kila ukikirudia kioo unajisogeza mbali na macho ya wenzako, na kila ukiibinya unaifanya kubwa kweli. Jiandae mapema, uso wako uutazame mara moja, kisha upe muda upite kabla hujatoka. Usiwe mtu wa kujitazama kwenye kamera ya simu mlangoni, ukaingia na picha ya chunusi ikiwa bado mbichi kichwani. Mimi nilifanya kinyume: nilikagua kipara chooni dakika moja kabla ya mkutano, nikaingia kikiwa kimejaa kichwa kizima.

Jambo la pili ni kwamba wewe unajilinganisha na wewe wa jana. Wenzako hawana wewe wa jana. Gilovich na wenzake walichapisha utafiti mwingine mwaka 2002, ambamo wanafunzi walikadiria muonekano wa wenzao kwa siku tofauti tofauti. Kila mmoja alitarajia alama atakazopewa zipande na kushuka sana, leo amependeza, kesho amechakaa. Alama walizopewa na wenzao zilibadilika kidogo kuliko walivyotarajia. Unaposema "leo sura yangu imeharibika", wenzako wanaona sura ileile ya kila siku.

Sasa nisije nikawa kama wale wanaokwambia hakuna anayekuona. Hata kwenye jaribio la fulana kuna walioona. Na ukiwa na alama kubwa ya kudumu usoni, watu huitazama kweli, na mwenye nayo hahitaji kufundishwa na mimi kwamba anajidanganya. Lakini hata hapo kuna mtego. Mwaka 1980 Robert Kleck na Angelo Strenta walichapisha jaribio ambalo washiriki walichorwa kovu usoni kwa vipodozi, wakajiona kwenye kioo, kisha wakaambiwa wanapakwa mafuta ili kovu lisipasuke. Kwa kweli lilifutwa. Wakaenda kuzungumza na mtu wakiwa na nyuso safi, na waliporudi wakasema mwenzao alionyesha kuathiriwa na kovu. Kila mtu hupepesa macho, hugeuka, hunyamaza kidogo katika mazungumzo. Ukiingia na kovu kichwani mwako, yote hayo unaliandikia kovu.

Na kuna yule anayesema kwa sauti. Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na tatu, mwalimu mmoja alisimamisha darasa zima kucheka viatu vyangu. Miaka imepita, na bado ninapovaa viatu vipya huwa natazama chini. Utafiti haumfuti mtu wa namna hiyo. Unachonisaidia ni hesabu: alikuwa mmoja aliyeona, na wale wengine walitazama kwa sababu yeye alinyoosha kidole. Nilibeba macho arobaini miaka yote hiyo, kumbe yalikuwa mawili.

Kwa hiyo dada huyo nimemshauri hivi, na sina dawa nyingine: kabla ya kuingia Ijumaa aandike kwenye karatasi idadi ya watu anaodhani wataiona chunusi. Baadaye amwombe rafiki awaulize watano au sita, kwa swali la wazi lisilotaja uso. Kisha aweke namba mbili pembeni kwa pembeni. Nilimwambia asijiulize yeye mwenyewe kama waliona, maana shahidi huyo ameshaharibika.

Nilipokuwa natafuta mfano wa kumtumia, nilifungua picha ya pamoja ya siku ile ya mkutano. Kama kawaida nilikuza kichwa changu kwanza. Sikio la kushoto halionekani kabisa, nimegeuka upande. Nilipoirudisha picha nikamwona jamaa aliyekaa karibu nami saa zile mbili, bega kwa bega. Shati lake limefungwa vifungo vibaya, upande mmoja wa kola umepanda hadi kwenye shavu. Nikampigia simu nikicheka. Akanyamaza, kisha akaniuliza polepole, "Kwani na wewe uliliona?" Aliligundua mapumzikoni, akiwa chooni, na nusu ya pili ya mkutano aliikalia kwa jasho akijua ninamtazama mimi.