Kabla hamjamficha mzee ufunguo wa gari

Ami yangu ana miaka 76. Mwaka jana aliparuza gari ukutani, na jioni ile ile binamu zangu wakamficha ufunguo. Walikosea. Ami alikuwa na wa pili kabatini, na asubuhi yake akaenda zake Kongowea bila kuaga mtu.

Nikamwomba anipakie safari tatu, Majengo hadi Nyali na kurudi: asubuhi, adhuhuri na magharibi. Akasema, "Sawa mwanangu, lakini na wewe ukishika usukani nakupima." (Alininasa nikichungulia simu kwenye mataa. Sikuwa na la kujitetea.)

Nilikaa kimya njia nzima, maana ukimwelekeza dereva huwezi tena kujua angefanya nini peke yake. Barabara ikinyooka, Ami hakuwa na tatizo. Lori la mbele likifunga breki, naye kashafunga. Umri haumkawizi sana mtu mwenye jambo moja la kutazama. Humkawiza pale mambo yanapokuja kwa mkupuo. Sisi huendesha upande wa kushoto, kwa hivyo ukikata kulia pasipo mataa inabidi ukadirie kasi ya gari linalokuja, uone bodaboda inayopenya ubavuni mwake, na mwenye mkokoteni anayevuka kule unakoingia. Hapo ndipo Ami alipokuwa akisitasita, kisha akaingia wakati nafasi imeshaziba. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, kila sekunde linakula kama mita 14. Kuchelewa nusu sekunde tu ni mita 7 kabla mguu haujagusa breki.

Magharibi lilikuwa jambo jingine: taa za magari zilimtia kiwi. Daktari wa macho akakuta mtoto wa jicho, akamfanyia upasuaji, na kile kiwi kikapungua sana. Lau tungelihesabu kila kitu kuwa ni uzee, angeacha gari kwa ugonjwa unaotibika. Ila kukata kulia kulibaki vile vile.

Basi tukakaa, yeye na sisi, tukapatana. Kulia atakata penye mataa tu, hata kama ni kuzunguka. Kila miezi sita nitapanda naye njia ile ile, ili tulinganishe. Na mambo mawili hayana mjadala: siku atakayokanyaga mafuta akidhani ni breki, au atakayopotea njia anayoijua, gari linalala siku hiyo hiyo. Pesa ya mafuta na bima itakuwa nauli yake ya tuktuk, asije akamwomba mtu kila anapotaka kwenda msikitini.

Ni vyema kuyasema haya mapema, mzee akiwa bado anaendesha vizuri. Ami aliyaandika kwa mkono wake, akatia sahihi, kisha akanisukumia kalamu. "Nawe tia. Na ile ya simu uiandike."