Kugawana pipa la petroli na jirani

"Jirani yangu anataka tununue pipa la lita 200 la petroli tuchange nusu kwa nusu, lakini jenereta yangu ni ndogo kuliko yake. Je, sitaumia? Na mafuta hayatachacha?"

Ndugu, mwambie jirani yako kwamba mtachangia kwa lita, si kwa nusu. Tuseme wewe unatumia lita 10 kwa wiki na yeye 30: pipa litakwisha kwa wiki 5, nawe utakuwa umechota lita 50, yaani robo ya gharama, pamoja na robo ya nauli ya kulileta. Kila anayechota aandike lita na tarehe kwenye daftari moja, na apime kwa dumu lenye alama, kwa sababu makisio ya macho ndiyo huleta ugomvi.

Kuhusu kuchacha, ushirika huu unakufaa wewe zaidi, kwani pipa hilo ukiwa peke yako lingekaa wiki 20, na petroli iliyokaa miezi mitano mahali pa joto, katika pipa linalofunguliwa kila mara, hupoteza sehemu yake nyepesi inayowasha injini, kisha huacha utando unaoziba matundu ya kabureta. Utaitambua kwa harufu kali ya siki na rangi iliyokolea. Msiongeze mafuta mapya juu ya mabaki. Pipa likae nje ya nyumba, kivulini, mbali na moto, baada ya kuuliza kama sheria ya kwenu inaruhusu kiasi hicho makazini. Isiporuhusu, nunueni madumu machache kwa pamoja.