Mauzo ya mwani ni ya nani?

"Kampuni tanzu ya Pemba inaonesha mauzo bilioni 7, ya Unguja 8, lakini kundi zima 9. Nani hasa anaingiza pesa?"

Ndugu yangu, fungua maelezo ya sehemu za biashara kwenye hesabu za kundi, yanayotakiwa na kanuni ya kimataifa ya uhasibu IFRS 8, utazame mstari wa wateja wa nje. Pemba ikiwa imeiuzia kampuni dada ya Unguja mwani wa bilioni 6, mauzo hayo hufutwa kwenye hesabu za kundi: 7 + 8 − 6 = 9. Kutoka nje Pemba imeleta 1 tu, Unguja 8.

Ila usiidharau Pemba. Bei ya kuuziana wameipanga wenyewe, na wakiishusha, faida huhamia Unguja. Msingi wa miamala hiyo lazima utajwe humo humo; usome. Tena sehemu moja yaweza kubeba tanzu kadhaa, hivyo mstari unaousoma huenda usiwe wa Pemba peke yake.