Blenda imeungua ndani ya waranti: mzuie fundi kwanza

Swali: Nilinunua blenda ya shilingi 6,500 hapa Mombasa, waranti mwaka mmoja. Baada ya miezi minne ikatoa harufu ya kuungua ikazimika. Dukani wanasema nimeitumia vibaya. Fundi wa mtaani anataka kuifungua athibitishe ni kosa la kiwanda, na kijana wa saiba anataka 500 aniandikie barua ya kisheria. Nianze na nani? – Mama Kisauni

Jibu: Mama, usianze na yeyote kati ya hao wawili. Huyo fundi mwambie arudishe bisibisi mfukoni. Nimekaa miaka mingi kwenye karakana inayopokea vifaa vya waranti, na madai mengi niliyoyaona yakifa yaliuawa na skrubu iliyoguswa kabla ya kifaa kunifikia.

Mota iliyoungua hubaki na habari zake ndani. Koili zote mbili zikiwa nyeusi sawasawa, kwa kawaida mota ililemewa: mzigo ulikuwa mgumu, au ilikimbizwa muda mrefu bila kupumzishwa. Moja ikiwa nyeusi na nyingine bado ina rangi yake, naanza kuushuku waya wenyewe. Nikiona kutu kwenye ekseli chini ya jagi, najua maji yalishuka, na hapo natazama mpira wa kuzuia maji ulivyofungwa. Sasa mtu akishafungua, akapuliza vumbi na kujaribu kuchomelea, hayo yote yamevurugika. Kadi nyingi za waranti zinasema wazi kwamba kifaa kilichofunguliwa na fundi asiyeidhinishwa hakihudumiwi. Uthibitisho wake utakuwa umelisaidia duka, si wewe.

Usiichomeke tena hata kwa kujaribu. Igeuze tu, upige picha kibandiko cha chini chenye modeli na namba ya mashine, kisha ukae uandike. Barua ninazoletewa husema "haifanyi kazi", halafu zinafuata kurasa mbili za hasira. Haifanyi kazi vipi? Mota inanguruma lakini kisu hakizunguki? Hilo huenda ni kile kigurudumu chenye meno kinachounganisha jagi na mota. Imekufa kimya? Ilitoa moshi? Mimi nahitaji kujua kilichokuwa ndani ya jagi, kwa muda gani, na kilichotokea. Yako ingeweza kuwa hivi:

*Kwa Meneja,*

*Tarehe 3 Machi nilinunua kwenu blenda ambayo modeli na namba yake ziko kwenye picha niliyoambatisha pamoja na nakala ya risiti na kadi ya waranti. Tarehe 8 Julai nilikuwa nikisaga nyanya nne na kikombe kimoja cha maji. Baada ya sekunde kama 20 ilitoa harufu ya kuungua, ikazimika. Haijawashwa wala kufunguliwa tangu hapo. Muuzaji wenu aliniambia kwa mdomo kwamba niliitumia vibaya. Naomba ikaguliwe, na kama mnashikilia hivyo, mnipe sababu kwa maandishi pamoja na picha za mota. La sivyo naomba itengenezwe bila malipo, au nibadilishiwe ikiwa haitengenezeki. Naomba jibu kufikia tarehe 24 Julai.*

Weka tarehe zako na chakula chako cha kweli. Kama ilikuwa barafu, andika barafu, kisha utazame kijitabu kama kinairuhusu. Punje za kahawa zilizokwama chini ya kisu hatuchanganyi na nyanya. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Risiti ikipotea, ujumbe wa M-Pesa unaonyesha ulimlipa nani, kiasi gani na lini.

Huyo wa saiba sasa. Barua zake nazijua kwa sura: vifungu kumi, "fidia ya milioni mbili kwa mateso ya akili", na hakuna mahali palipotajwa modeli. Meneja akiona hivyo humpelekea wakili, na blenda inakaa stoo miezi. Sheria unayo, lakini haihitaji kupigiwa kelele. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 inamtaka muuzaji auze kitu chenye ubora unaofaa, na bango la "bidhaa ikiuzwa hairudishwi" haliwezi kuifuta haki hiyo. Wakikutuma kwa ajenti wa kampuni, nenda ukitaka, ila aliyekuuzia bado anawajibika.

Tarehe 24 ikipita bila jibu, nakala yako yenye muhuri ndiyo utakayoipeleka Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na unaweza kujisimamia mwenyewe. Hapo hakimu atauliza kama mota iliwahi kufunguliwa, na nani aliyeifungua.