Ukisoma tangazo la kazi ya chuo Ujerumani, anzia chini

Tangazo la kazi yangu ya kwanza ya utafiti Ujerumani nililisoma kama tulivyozoea kusoma ya kwetu: cheo, sifa za mwombaji, mshahara. Sifa ninazo, mshahara unanitosha, nikatuma maombi. Mstari ulionigharimu ulikuwa karibu na mwisho: "befristet bis 30.09.", yaani mkataba unaisha tarehe 30 Septemba. Kwa kuwa kazi ilitakiwa kuanza Oktoba na kuisha Septemba ya mwaka wa pili yake, nikahesabu miezi 24 na kuiwekea mipango yote.

Viza ikachukua miezi mitano. Nilipofika Machi nikauliza ofisini kama mwisho wa mkataba nao utasogezwa mbele. Hapana. Fedha za mradi zinafungwa siku ileile, iwe nimekuja Oktoba au Machi. Kazi ya miezi 24 ikawa ya miezi 19, na ripoti ya mwisho ikabaki na ukubwa uleule.

Tangu hapo kitu cha kwanza ninachotafuta ni namna muda ulivyoandikwa. "Für die Dauer von zwei Jahren" ni miaka miwili, na kwa kawaida huhesabiwa tangu siku unapoanza kazi. Ukiona "bis" na tarehe, kila wiki unayokaa ukisubiri viza inakatwa kwenye mkataba wako.

Halafu tazama fedha zinatoka wapi. "Haushaltsmittel" ni bajeti ya chuo chenyewe. "Drittmittel" ni fedha za mfadhili wa nje, na sheria ya mikataba ya watafiti ya mwaka 2007, inayoitwa WissZeitVG, inaruhusu mkataba wa aina hiyo uende sambamba na muda wa ufadhili. Ndiyo maana ofisi haikuwa na la kunisaidia. Ukikuta "vorbehaltlich der Mittelbewilligung", ujue fedha bado hazijaidhinishwa. Omba, lakini usiache kazi uliyonayo mpaka mkataba uwe umesainiwa na pande zote mbili.

Asilimia nazo zinawapotosha wengi. "E 13 TV-L, 65 %" maana yake uko kwenye daraja la 13 la mishahara ya majimbo, ila unalipwa asilimia 65 yake. Kazi kamili ikiwa saa 40 kwa wiki, wewe unalipwa saa 26. Kwa nafasi za uzamivu, uliza waziwazi kama tasnifu yako iko ndani ya hizo saa 26 au utaiandika usiku na Jumamosi. Majibu hutofautiana sana kati ya idara na idara.

Kwa wanaoomba kufundisha Kiswahili, na vyuo kama Leipzig na Bayreuth vina idara zinazokifundisha, neno kubwa ni SWS. Hiki ni kipindi kimoja cha dakika 45 kila wiki kwa muhula mzima. Mwalimu wa lugha mwenye "16 SWS" anasimama darasani dakika 720, yaani saa 12 kwa wiki. Kwa kuwa vipindi hufundishwa viwiliviwili, hayo ni madarasa manane ya dakika 90.

Unaweza kusema saa 12 ni chache. Subiri kwanza. Madarasa manane yakiwa makundi manne ya mwaka wa kwanza yanayokutana mara mbili kwa wiki, somo moja ulilolitayarisha unalifundisha mara nne. Yakiwa ni Kiswahili cha mwanzo, cha kati, fasihi na tafsiri, kila moja unalitayarisha upya, na madaftari ya kusahihisha hayafanani. Tangazo aghalabu halisemi lipi kati ya hayo mawili, kwa hiyo uliza: kozi tofauti ni ngapi kwa muhula?

Tena pima SWS kwa asilimia. Nusu kazi yenye SWS 8 ni sawa na 16 kwa kazi kamili. Nusu kazi yenye SWS 12 ni sawa na 24, na hapo utafiti wako usahau.

Nilipoomba kazi ya pili, kabla ya kutuma chochote nilimwandikia mhusika ambaye jina lake lilikuwa chini ya tangazo, sentensi mbili tu: "Viza yangu inaweza kuchukua miezi kadhaa. Nikichelewa kuanza, je, mwisho wa mkataba nao utasogea?" Akajibu kesho yake: fedha ni za chuo, na miaka mitatu itahesabiwa kuanzia siku nitakayoanza. Jioni ile nikakaa kuandika barua ya maombi.