Jaketi halikai chini ya mbeleko

*"Juni naenda Njombe, harusi ukweni, na mwanangu wa miezi 7. Nimeshanunua jaketi zito la sponji langu na ovaroli la manyoya lake. Nitakuwa namweleka mgongoni. Ndani nivae nini, nifunge kanga au kitenge, mkoba niubebeje, viatu gani, na usiku alale na nini?"*

Usimfunge mtoto juu ya jaketi. Hata kama Makambako pana upepo wa kukata masikio, na kweli upo, jaketi halikai kati yako na mtoto. Nimeona hilo neno "sponji" hata chai yangu nimeiacha ipoe.

Mimi nililivaa. Niliuziwa Kariakoo na dada mmoja mwenye maneno matamu kuliko bidhaa zake: "Mama, ukivaa hili, mtoto mgongoni anakuwa kama yuko kitandani." Nikalipa. Kitanda gani sijui, labda kile ambacho watoto hudondoka. Yule dada nina hakika baridi anayoijua ni ya friji ya soda, na hajawahi kueleka hata mdoli. Lakini ushauri anao, tena bure.

Sasa sikia. Tumeshuka Makambako bado giza, natafuta Noah ya kwenda Njombe mjini. Nikavaa jaketi, nikampandisha mtoto, nikakaza kanga mpaka nikaridhika. Ile sponji imejaa hewa, kwa hiyo ukikaza unaibana hewa, mwili wako hujaugusa. Ukitembea kidogo, uzito wa mtoto unaikandamiza sponji, hewa inatoka, na kanga iliyokuwa imebana inabaki na nafasi. Fundo lenyewe halijalegea hata kidogo. Ndiyo maana nilikuwa nalishika kifuani, nalikuta gumu, najipa moyo, kumbe huku nyuma mtu anateremka. Ongeza kwamba nailoni inateleza na manyoya ya ovaroli yanateleza pia. Hakuna kilichokuwa kimemshika mtoto zaidi ya sala za mama yangu.

Dalili niliipata nikaipuuza. Mkono wangu ulijipeleka wenyewe nyuma kumshikilia makalio. Mbeleko iliyokaa haihitaji mkono. Ukijikuta umeweka mkono nyuma, simama, funga upya. Dalili nyingine ni kwamba makalio ya mtoto yameshuka chini ya kiuno chako, magoti yake yamenyooka, na ule upindo wa juu wa kanga uliokuwa chini ya makwapa yake umefika tumboni. Hapo akijitupa nyuma, kama wanavyofanya wakikasirika, hakuna kinachomrudisha.

Bibi mmoja wa kuuza chai ndiye aliyeniona. Shikamoo yangu hakuingoja. "Mwanangu, huyo mtoto anaanguka!" Na alishamdaka kabla hajamaliza kusema. Kilichoniuma zaidi ni kofia ya jaketi: ilikuwa imejikunja kati ya mgongo wangu na uso wa mtoto, pua imezama humo. Hakulia. Mimi nilidhani amelala kwa raha ya "kitandani".

Msinicheke. Kila mtu humu ana la kwake, ila mengine hayasimuliki.

Bibi akanivua jaketi pale pale, nikabaki na fulana ya pamba, meno yanagongana. Akanipangia hivi, na hii ndiyo kanuni yangu mpaka leo: nguo nyepesi ndani, mtoto, mbeleko, halafu zito juu yenu wote wawili. Inama mbele mgongo ulale, mtoto apande juu mpaka kidevu chake kifikie usawa wa mabega yako. Kanga imshike kutoka goti hadi goti, makalio yakae chini kuliko magoti, upindo wa juu upite chini ya makwapa yake. Ncha za juu funga kifuani, moja ukiipitisha juu ya bega na nyingine chini ya kwapa, ncha za chini kaza kiunoni. Simama, rukaruka kidogo. Asipocheza, ndipo unajifunika shuka la kimasai au sweta kubwa la baba yake, mbele umeliacha wazi, kichwa na uso wa mtoto viko nje. Kifuani na mgongoni mnapashana joto wenyewe kwa wenyewe. Jaketi katikati lilikuwa linazuia joto langu lisimfikie, nami nimelilipia!

Baada ya kutembea kidogo, angalia tena na ukaze. Hata kanga nzuri hutulia kwanza.

Hilo ovaroli nalo ni tatizo. Akikunja magoti mgongoni, nguo inavutwa juu: kama ina soksi zilizoshonewa, vidole vinabanwa, kama haina, vifundo vya miguu vinabaki nje kwenye upepo, mahali pale pale ulipotaka pawe na joto. Mvalishe fulana ya pamba ya mikono mirefu, suruali laini ya saizi moja juu, na soksi ndefu za kufika magotini. Kofia ya uzi, isiyo na kamba za kufunga shingoni. Mbeleko yenyewe ni nguo moja, na mgongo wako ni moto. Wengi huku hawalihesabu hilo, ndiyo maana unakuta mtoto wa Njombe ana vipele vya joto mwezi wa sita. Usimpime kwa viganja, viganja na nyayo za watoto huwa vya baridi tu. Ingiza vidole viwili nyuma ya shingo: pakiwa na jasho, punguza kitu hapo hapo. Aliyezidiwa joto wakati mwingine halii, analegea na kusinzia, na wewe unamsifia kwa utulivu.

Ukiingia kwenye gari, mfungue, mpakate mbele. Ndani ya Noah iliyojaa watu baridi haipo, na ukiegemea kiti na mtoto mgongoni utambana.

Kanga au kitenge? Pamba, iliyofuliwa mara nyingi. Kanga mpya ya dukani bado ina wanga, fundo lake halishiki, kwa hiyo anza kuifua kuanzia leo. Kitenge cha polista kinachong'aa kiache kwa ajili ya mshono wa harusi. Na tukiwa kwenye harusi: gauni lenye zipu mgongoni halifai kuelekea. Shavu la mtoto linalalia pale, anaamka na mstari wa zipu usoni, mawifi wanauliza kulikoni. Shanga na mkufu mrefu pia, kitu cha kwanza atakachokivuta ni hicho. Pini za kushikizia ncha badala ya fundo usinitajie kabisa.

Mkoba uvae baada ya kufunga, mkanda upite juu ya mbeleko na si chini yake. Ukiwa chini, kila ukiuvuta unalegeza ulichokaza. Wa kukatisha kifuani ndio mzuri, ila mfuko wake uning'inie mbele.

Halafu uliuliza na viatu, sijui na nini kingine, nitarudi nikipata muda. Huyu wa kwangu sasa hivi anadai kubebwa, na ana miaka mitano.